Petroli Iliyolala Kwenye Kabureta

Pikipiki iliyofungiwa stoo miezi saba hukataa kuwaka kwa namna mbili zinazopingana. Kuna ile ambayo ukifungua tu koki ya tangi, petroli inaanza kudondoka kwenye kimpira cha chini ya kabureta, harufu inatanda, na plagi ukiifungua inatoka imelowa. Kuna nyingine unaipiga kiki mpaka mguu unachoka, na plagi inatoka kavu kana kwamba tangi ni tupu. Ya kwanza imejaa mafuta kupita kiasi, au imeflodi kama wasemavyo gereji. Ya pili ina njaa.

Mwenye pikipiki huyaona kuwa magonjwa mawili, na mara nyingi huuziwa dawa mbili. Lakini chanzo huwa kimoja: vile vijiko vichache vya petroli vilivyobaki ndani ya kabureta siku chombo kilipoegeshwa. Namna ugonjwa utakavyojionyesha inategemea tu masalia ya petroli hiyo yamegandia wapi.

Jambo hili bado linatuhusu sana. India ilipoanza kutumia masharti ya hewa chafu ya BS6 mwezi Aprili 2020, pikipiki zinazouzwa huko zilihamia kwa wingi kwenye mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizoko Afrika Mashariki, pamoja na jenereta ndogo, pampu za kumwagilia na mashine za kukatia majani, bado zinakula mafuta kupitia kabureta.

Vyumba viwili na matundu mawili

Kabureta ina sehemu mbili za kukumbuka. Chini kuna kikombe kinachohifadhi petroli kidogo. Ndani yake kuna floti, yaani boya, na juu ya floti kuna sindano fupi. Kazi yake ni ileile ya koki ya boya kwenye tangi la maji la nyumbani: petroli ikipanda, floti inapanda nayo na kuisukuma sindano izibe mlango, injini ikinywa, floti inashuka na mlango unafunguka.

Juu ya kikombe kuna koo, njia ambayo hewa hupita kwenda kwenye injini. Koo limebanwa katikati, na hewa inapopita mahali hapo palipobana huongeza kasi huku kani yake ya mgandamizo ikipungua. Hewa ya kawaida inayokandamiza petroli kwenye kikombe sasa inakuwa na nguvu zaidi, inaisukuma petroli ipande kupitia jeti na kumwagika kwenye koo ikiwa matone madogo sana. Injini hupenda mchanganyiko wa karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Anayepima kiasi hicho ni jeti, kipande kidogo cha shaba nyeupe chenye tundu katikati.

Jeti ziko mbili. Jeti ndogo inalisha injini inaponguruma bila resi na unapoanza tu kuzungusha mkono. Jeti kubwa inashika kazi unapofungua sana. Kati ya hapo kuna sindano ndefu inayopanda na kushuka kufuata mkono wako. Kwenye kabureta nyingi za Keihin, namba iliyochapwa juu ya jeti inakaribia kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti ndogo ya namba 38 ina tundu la karibu milimita 0.38, na jeti kubwa ya namba 100 ina tundu la karibu milimita 1. Ukipiga hesabu ya eneo, tundu la jeti kubwa linaizidi jeti ndogo karibu mara saba. Ndiyo maana uchafu uleule unaopita salama kwenye jeti kubwa huiziba kabisa jeti ndogo, na ndiyo maana jeti ndogo huwa ya kwanza kufa baada ya maegesho marefu.

Petroli inapozeeka

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, vizito hungoja mpaka karibu nyuzi 200. Vile vyepesi ndivyo vinavyoiwezesha injini baridi kushika moto, na ndivyo vya kwanza kukimbia. Kikombe cha kabureta hakifungwi kabisa; lazima kiwe na tundu la kupumulia, vinginevyo petroli isingeweza kusukumwa kupitia jeti. Kwa tundu hilohilo sehemu nyepesi hutoroka usiku na mchana, na kwenye stoo yenye bati lililochomwa na jua hutoroka haraka zaidi.

Sehemu inayobaki huungana polepole na oksijeni ya hewa. Baadhi ya kemikali zake hushikamana na kuwa utomvu wa kahawia unaonata, kisha hukauka na kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Harufu yake si ya petroli tena. Inanukia kama rangi ya mafuta iliyozeeka kwenye kopo. Kwa kuwa petroli hukauka kuelekea chini, utomvu mwingi hukusanyika mahali pa chini na pembamba, yaani ndani ya jeti na kwenye kiti cha sindano.

Kosa linaloongeza uharibifu ni kuiacha koki ya tangi wazi. Petroli ya kikombe ikipungua kwa kukauka, floti inashuka, mlango unafunguka, na petroli nyingine inaingia kujaza pengo. Hiyo nayo inakauka na kuacha utomvu wake. Mzunguko huo ukiendelea kwa miezi, kikombe kimoja kidogo kinaweza kubeba masalia ya petroli nyingi kuliko inayoweza kuenea ndani yake.

Kuna pia maji. Tangi lililoachwa nusu huwa na hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama hadi chini ya kikombe. Bodi za kabureta nyingi ni aloi ya zinki au alumini; zikikaa na maji hutoa unga mweupe ambao nao huziba njia. Katika nchi ambako petroli huchanganywa na ethanoli, kama Marekani ambako petroli ya kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, tatizo la maji ni kubwa zaidi kwa sababu ethanoli huvuta unyevu wenyewe.

Utomvu umeshika wapi?

Ukishika kwenye sindano ya floti wakati mlango uko wazi, sindano haitarudi kuziba. Petroli itaendelea kushuka, kikombe kitafurika, na ziada itatoka kwenye kimpira cha nje au itaingia kwenye koo. Huko ni kuflodi. Chembe moja ya kutu kutoka kwenye tangi ikikaa kwenye kiti cha sindano hufanya vivyo hivyo. Floti yenyewe nayo inaweza kuwa imetoboka na kuingiwa na petroli, ikawa nzito na kushindwa kuelea.

Utomvu ukiishika sindano hiyohiyo mlango ukiwa umefungwa, kikombe kinabaki kikavu na injini inapata njaa kamili. Ukiziba jeti ndogo, injini inawaka kwa choki tu. Choki hupunguza hewa, mvuto ndani ya koo unakuwa mkali, na petroli inavutwa kwa nguvu hata kupitia njia zilizobaki. Ukiirudisha, injini inakata. Ukiziba jeti kubwa, injini inanguruma vizuri ikiwa imesimama, lakini ukipiga resi au ukipanda mlima inapiga misi na kuishiwa pumzi.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, jiulize maswali matatu. Plagi imetoka kavu au imelowa? Injini inakata wakati gani, choki inaporudi au mkono unapofunguka? Na je, kikombe kinapata petroli? Swali la tatu linajibiwa na skrubu ndogo ya kumwagia iliyo chini ya kikombe. Weka chupa chini yake, fungua koki ya tangi, kisha legeza skrubu. Petroli ikitiririka mfululizo kwa nusu dakika hivi, njia kutoka tangini ni nzima na ugonjwa uko kwenye jeti. Ikitoka kidogo ikakata, fungua mfuniko wa tangi. Mtiririko ukirudi, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Usiporudi, tafuta kwenye filta, koki au sindano ya floti.

Pikipiki moja, magonjwa yote mawili

Tuchukue mfano wa pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 125 iliyoegeshwa Machi na kutolewa Oktoba, koki ikiwa imeachwa wazi muda wote. Mwenyewe anaipiga kiki na petroli inaanza kudondoka chini. Fundi anafunga koki na, kabla ya jambo lolote, anaangalia oili.

"Kaka, usipige kiki tena," anamwambia. "Kwanza tujue petroli imeshuka mpaka wapi."

Ana sababu. Kabureta ikifurika muda mrefu, petroli inaweza kuipita pistoni na kuingia kwenye oili. Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda, na ikinukia petroli, lazima imwagwe iwekwe nyingine kabla injini haijawashwa, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma. Safari hii oili ni nzima.

Fundi anagonga kikombe polepole kwa mpini wa bisibisi. Mgongo huo mdogo unaiachilia sindano, na udondokaji unakoma. Anafungua plagi, anaikausha, anafungua mkono wa mafuta mpaka mwisho bila choki huku koki ikiwa imefungwa, na anapiga kiki mara kadhaa ili hewa ifagie petroli iliyojaa ndani. Swichi imezimwa na waya wa plagi umewekwa mbali na tundu, maana cheche moja mbele ya mvuke unaotoka hapo ni moto.

Plagi inarudishwa, koki inafunguliwa, choki inavutwa. Injini inawaka! Choki inarudishwa, injini inakata. Inarudiwa, inakata tena palepale. Skrubu ya chini inatoa petroli ya kahawia yenye harufu ya rangi kuukuu, lakini inatiririka bila kukatika. Majibu yamekamilika: sindano ilikuwa imegandia wazi, sasa imeachia, petroli inafika kwenye kikombe, inayokosekana ni ile ya kupita jeti ndogo. Kabureta lazima ifunguliwe.

Kufungua na kusafisha

Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko, sigara na jenereta inayofanya kazi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na unaweza kuufuata moto ulio mbali. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, kwa sababu dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta ikiingia upande mmoja hutoka upande mwingine kwa kasi, na mara nyingi ni kuelekea usoni.

Kabureta ikishatolewa, inapanguswa kwanza nje ili mchanga usiingie ndani. Skrubu za kikombe huwa laini na zimekaza, kwa hiyo bisibisi ijae sawasawa kwenye kichwa na isukumwe kwa nguvu wakati wa kuzungusha. Kikombe kikitoka, pini ya floti inasukumwa nje taratibu, na floti inatoka pamoja na sindano yake. Kisha jeti kubwa inafunguliwa, pamoja na mrija ulio nyuma yake wenye vitundu ubavuni. Jeti ndogo mara nyingi imezama ndani ya shimo lake na inataka bisibisi nyembamba yenye ncha isiyolika. Ikiwa imekwama, isilazimishwe. Iloweshwe dawa na kuachwa. Kichwa chake kikivunjika, kuitoa ni kazi kubwa kuliko usafishaji wote.

Kuna skrubu moja zaidi, ile ya kurekebisha mchanganyiko, iliyo ubavuni. Kabla ya kuitoa, ikazwe polepole mpaka iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko. Kwenye kabureta nyingi ni kati ya mmoja na nusu na miwili na nusu. Andika hesabu hiyo, maana ndiyo utakayorudishia. Ikikazwa kwa nguvu, ncha yake huharibu kiti na kabureta haitulii tena.

Sasa jeti inyanyuliwe kuelekea mwanga wa mchana. Tundu safi linaonekana kama duara kamili lenye kingo kali. Jeti ndogo ya pikipiki yetu haipitishi mwanga kabisa. Vipande vya chuma vinalowekwa kwenye dawa ya kabureta, lakini floti, mipira na oringi zikae kando kwa sababu dawa hiyo huvimbisha mpira na huweza kuharibu plastiki. Baada ya kulowa, jeti inapulizwa kwa dawa, kisha kwa upepo wa kompresa, na inatazamwa tena kwenye mwanga. Ikiwa bado ina ukungu, inasukumwa kwa kitu laini kuliko shaba nyeupe: unywele wa nailoni wa mswaki, au uzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka kwenye waya laini wa umeme, ambao kwa kawaida huwa na unene wa milimita 0.2 hivi.

Hapa ndipo kabureta nyingi huuawa. Waya wa chuma, pini, au ncha ya kutobolea hufungua jeti kwa dakika moja, na huonekana kuwa njia nzuri. Lakini tundu la milimita 0.38 likipanuka hadi 0.42 tu, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 22, na petroli inayopita huongezeka kwa mwendo huo. Jicho halioni tofauti hiyo. Plagi ndiyo itakayoionyesha, ikiwa nyeusi ya masizi, na mkoba utaionyesha kwenye kituo cha mafuta. Tahadhari hiyohiyo ni kwa siki na ndimu: asidi hung'arisha shaba, lakini hula zinki ya bodi.

Kusafisha jeti peke yake hakutoshi, kwa sababu petroli ya jeti ndogo husafiri ndani ya bodi kabla ya kufika kwenye koo. Puliza dawa kwenye shimo la jeti ndogo na utazame vitundu vidogo vilivyo kwenye koo, upande wa injini. Dawa lazima itoke hapo ikiwa uzi mwembamba wenye nguvu. Ikitoka kwa kudondoka, njia bado imebanwa. Fundi mwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti huitumia kwa ajili ya njia hizi zisizoonekana.

Kupima kabla ya kurudisha

Kiti cha sindano ya floti kinasafishwa kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa petroli. Floti inazamishwa kwenye maji ya moto. Vipovu vikitoka, imetoboka na inahitaji kubadilishwa. Halafu kabureta inapinduliwa juu chini ili uzito wa floti uifunge sindano, na pampu ndogo inaunganishwa kwenye mdomo wa kuingizia petroli. Hewa isipite. Ikiwekwa sawa, hewa ipite kwa urahisi. Jaribio hili huchukua dakika moja na huokoa kazi ya kutoa kabureta mara ya pili.

Kwenye pikipiki yetu sindano imefunga hewa, lakini ncha yake ya mpira ina mfereji mdogo wa mviringo mahali ilipokuwa ikikandamiza kiti. Fundi anashauri ibadilishwe. Mwenyewe anaona kwa kuwa inafunga, basi inatosha. Tangi linamwagwa, petroli mpya inatiwa, kabureta inarudi, skrubu ya mchanganyiko inarudishwa kwenye mizunguko miwili iliyohesabiwa. Injini inawaka, choki inarudishwa baada ya muda mfupi, na inanguruma bila kukata. Kesho yake asubuhi kuna doa la petroli chini ya pikipiki. Ncha yenye mfereji hufunga ikikaa palepale ilipozoea. Mtikisiko wa barabara ukiisogeza kidogo, inavuja. Sindano mpya inamaliza kesi.

Si kila njaa inatoka kwenye jeti. Ikiwa jeti zinapitisha mwanga, bodi inapitisha dawa, kikombe kinajaa, na bado injini inakata au inapanda resi yenyewe na kuchelewa kushuka, angalia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukikauka na kupasuka, hewa isiyopimwa inaingia, na mchanganyiko unakosa petroli ingawa kabureta ni safi. Na kama jeti ndogo inaziba tena baada ya siku chache, kazi haiko kwenye kabureta. Chungulia tangi kwa tochi: kutu iliyomo itaendelea kushuka mpaka tangi lisafishwe na filta iwekwe mpya.

Kwa chombo kitakachokaa zaidi ya mwezi, kazi hii yote huepukika kwa hatua ya mwisho ya safari ya mwisho. Funga koki injini ikiwa bado inanguruma na uiache inywe mpaka ikate yenyewe. Kisha legeza skrubu ya chini ya kikombe umwage kijiko kilichobaki, kwa kuwa injini hukata kabla kikombe hakijakauka, na hicho kilichosalia kinatosha kuziba tundu la milimita 0.38.